Kulia Geuka: Mgeuzo wa Fourier wa Sampuli Nne, kwa Chaki na Ubao

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita pamoja na walimu wao wa hisabati. Waliokosa kufika waliomba niiweke yote, nami naiweka kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Hesabu zimo ndani ya maneno.

Walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, nanyi vijana, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja mapema.

Kabla sijagusa chaki, naomba kijana mmoja aje hapa mbele. Njoo mwanangu, usiogope. Simama hapa, uso wako uelekee dirisha lile la mashariki. Umewahi kucheza gwaride? Vizuri sana. Basi sikiliza amri. Kulia, geuka! Sasa anatazama wapi? Kusini. Kulia, geuka! Magharibi. Kulia, geuka! Kaskazini. Kulia, geuka! Amerudi mashariki, pale pale alipoanzia. Asante, kaa.

Vijana, mmeona nini? Amri moja, mara nne, na mtu amerudi alikotoka. Hicho mlichokiona ndicho kitabu kinachokiita mizizi ya nne ya moja. Mmeisoma darasani kama jambo la kukariri: namba nne ambazo kila moja ukiizidisha kwa yenyewe mara nne unapata 1. Namba hizo ni 1, −i, −1 na i. Lakini je, mmewahi kuambiwa kwamba hizo ni amri za gwaride?

Mashariki iite 1. Kaskazini iite i. Magharibi ni −1, kusini ni −i. Sasa chukua namba yoyote, uichore kama mshale ubaoni, uizidishe kwa −i. Mshale utafanya nini? Utageuka kulia. Uzidishe kwa −1: nyuma geuka. Uzidishe kwa i: kushoto geuka. Uzidishe kwa 1: mguu sawa, hakuna kugeuka. Urefu wa mshale haubadiliki hata kidogo, kinachobadilika ni uso tu.

Naomba mlishike hilo, kwa sababu hesabu yote ya leo imesimama juu yake. Tutaufanya mgeuzo wa Fourier wa sampuli nne, yaani tutachukua vipimo vinne vya wimbi na kuuliza limetengenezwa na mawimbi gani. Tutaufanya kwa mkono, bila kikokotoo, na hatutazidisha chochote. Tutajumlisha, tutatoa, na tutageuka.

Jambo moja zaidi kuhusu gwaride, kisha tusonge. Mwambie yule kijana apige hatua moja kila anapotazama: moja mashariki, moja kusini, moja magharibi, moja kaskazini. Ataishia wapi? Pale pale alipoanzia. Kwa namba tunaandika 1 − i − 1 + i = 0. Jumla ya mizizi yote ya moja ni sifuri. Mtaona baada ya muda mfupi kwamba sifuri hiyo ndiyo inayotenganisha wimbi moja na jingine.

Sasa nataka kuwapeleka Ujerumani, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita.

Tarehe 28 Machi 1802, daktari mmoja wa mji wa Bremen aitwaye Heinrich Olbers, aliyekuwa akitazama nyota usiku, aliona kitu kinachosogea mahali ambapo hakikutarajiwa. Kilikuwa sayari ndogo, wakaiita Pallas. Mwanahisabati kijana, Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa mwaka 1777, alikuwa ameshajipatia jina kwa kukokotoa njia ya Ceres, sayari ndogo iliyogunduliwa mwaka mmoja kabla. Pallas nayo ikamvuta. Yapata mwaka 1805 aliandika kwa Kilatini kazi kuhusu namna ya kupata mkondo mzima kutokana na vipimo vichache, na mfano mmojawapo aliouchukua ni njia ya Pallas.

Mfano wenyewe ni huu. Gawa duara la mbingu katika vituo 12, kila kituo digrii 30. Kwenye kila kituo uliza: Pallas iko juu ya ikweta ya mbingu kwa kiasi gani, au chini yake kwa kiasi gani? Jibu limeandikwa kwa dakika za pembe, na dakika 60 ni digrii moja. Vipimo ni hivi:

```
  0°: 408    30°:   89    60°:  -66    90°:   10
120°: 338   150°:  807   180°: 1238   210°: 1511
240°: 1583  270°: 1462   300°: 1183   330°:  804
```

Mnaona zinavyopanda na kushuka? Zinashuka mpaka chini ya sifuri kwenye digrii 60, kisha zinapanda mpaka 1583 kwenye digrii 240. Ni wimbi. Swali la Gauss lilikuwa: wimbi hili limetengenezwa na mawimbi gani?

Gauss hakuvichukua vipimo 12 kwa mkupuo. Alivigawa katika makundi matatu ya vinne vinne. Leo tunalichukua kundi la kwanza tu: digrii 0, 90, 180 na 270. Nikiwaambia msahau vingine vyote, tunabaki na namba nne: 408, 10, 1238, 1462. Hizo ndizo sampuli zetu, na hakuna hata moja kati yake iliyo kilele halisi. Kilele kiko kwenye 240, na sisi 240 hatuna. Je, namba hizi nne zinaweza kutuambia kilele kiko wapi? Tutaona.

Sasa tuzipange sampuli nne kwenye mstari kama askari wanne. Tuziite x0, x1, x2, x3. Tutawapa amri mara nne, na kila mara tutajumlisha mishale yao.

Mara ya kwanza: hakuna anayegeuka. Wote wanatazama mashariki. Jumlisha tu.

Mara ya pili: wa kwanza asigeuke, wa pili ageuke kulia mara moja, wa tatu mara mbili, wa nne mara tatu.

Mara ya tatu: kila mmoja ageuke mara mbili ya alivyogeuka kabla. Yaani wa kwanza hapana, wa pili mara mbili, wa tatu mara nne, wa nne mara sita. Lakini kugeuka mara nne ni kutogeuka, sivyo? Na mara sita ni sawa na mara mbili. Basi ni mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Mara ya nne: mara tatu ya zile za mwanzo. Hapana, tatu, sita, tisa. Ukiondoa nne nne zinabaki hapana, tatu, mbili, moja. Na kulia mara tatu ni kushoto mara moja.

Tukiandika amri hizo kwa namba, tunapata jedwali lote la mgeuzo:

```
X0 = x0 +   x1 + x2 +   x3
X1 = x0 - i·x1 - x2 + i·x3
X2 = x0 -   x1 + x2 -   x3
X3 = x0 + i·x1 - x2 - i·x3
```

Kwa nini tunageuza hivyo? Kwa sababu wimbi linalopanda na kushuka ni kivuli cha mishale miwili inayozunguka, mmoja kushoto na mwingine kulia, kila mmoja ukiwa na nusu ya urefu. Wimbi la mzunguko mmoja lina mshale unaogeuka kushoto robo moja kwa kila kituo. Tunapoamuru kulia, kituo baada ya kituo, tunaufuta mzunguko wake: robo kushoto, robo kulia, ukabaki umesimama. Mishale yote minne ya aina hiyo inaishia kutazama upande mmoja, na ikijumlishwa inarefuka. Na mawimbi mengine? Wastani uliotulia, kwa mfano, ulikuwa hauzunguki. Sasa tumeuzungusha: mashariki, kusini, magharibi, kaskazini. Jumla yake sifuri, kama yule kijana aliyepiga hatua nne. Kwa hiyo X1 inalisikia wimbi la mzunguko mmoja na haiusikii wastani. Sifuri ile niliyowaahidi imefika.

Haya, tuhesabu. Mtu angeweza kufuata mistari minne kama ilivyo, lakini tazameni: x0 na x2 wanakwenda pamoja kila mara, ama kwa kujumlishwa ama kwa kutolewa. Vivyo hivyo x1 na x3. Kwa nini tufanye kazi moja mara mbili? Tuandae vipande vinne kwanza.

408 na 1238, jumla yake 1646.
408 toa 1238, ni −830.
10 na 1462, jumla yake 1472.
10 toa 1462, ni −1452.

Sasa tunaunganisha. X0 ni jumla na jumla: 1646 + 1472 = 3118. X2 ni jumla toa jumla: 1646 − 1472 = 174. X1 ni tofauti ya kwanza, pamoja na tofauti ya pili iliyogeuzwa kulia. Tofauti ya pili ni −1452, yaani inatazama magharibi. Kulia ya magharibi ni wapi? Kaskazini. Kwa hiyo inakuwa +1452i. Basi X1 = −830 + 1452i. Na X3 ni ile ile ila imegeuzwa kushoto: −830 − 1452i.

Tumemaliza. Kujumlisha na kutoa mara nane, basi.

Naomba mlitazame hilo la mara nane. Mistari minne kama ilivyo ingetaka kujumlisha na kutoa mara kumi na mbili. Tofauti inaonekana ndogo, lakini njia hii ya kuvunja hesabu kubwa kuwa ndogo na kutumia kipande kimoja mara mbili ndiyo ambayo James Cooley na John Tukey waliichapisha Marekani mwaka 1965, na kompyuta zikaanza kufanya mgeuzo wa maelfu ya sampuli kwa muda mfupi. Gauss alikuwa ameshaitumia. Kazi yake haikuchapishwa alipokuwa hai. Alifariki mwaka 1855, na ikatoka kwenye mkusanyiko wa kazi zake mwaka 1866, kwa Kilatini, na wengi waliokuja baadaye hawakuiona.

Sasa tuna namba nne mpya. Zinasema nini?

X0 ni 3118. Gawa kwa 4, unapata 779.5. Huo ndio wastani, yaani kimo ambacho wimbi linapanda juu yake na kushuka chini yake.

X1 na X3 ni mapacha, mmoja ni mwenzake kwenye kioo: upande wa mashariki na magharibi ni sawa, kaskazini na kusini zimebadilishana. Kila unapoanza na sampuli za kawaida, zisizo na i ndani yake, lazima X1 na X3 ziwe mapacha hivyo. Ni ile mishale miwili ya wimbi moja. Kwa kuwa wimbi limegawanywa nusu kwa nusu kati yao, tunachukua X1 na kugawa kwa 2, siyo kwa 4. Sehemu ya kosini ni −830 gawa kwa 2, yaani −415. Sehemu ya sini inabadilisha alama: 1452 gawa kwa 2 ni 726, nasi tunaandika −726. Mabadiliko hayo ya alama yanatokana na kwamba tulikuwa tunageuza kulia. Naomba mweke kidole hapo, nitaparudia.

X2 ni 174, na yenyewe haina pacha, kwa hiyo tunaigawa kwa 4: 43.5. Hilo ni wimbi linalozunguka mara mbili.

Tukiviweka pamoja:

```
x(θ) = 779.5 - 415 cos θ - 726 sin θ + 43.5 cos 2θ
```

Tupime. Kwenye digrii 0: 779.5 − 415 + 43.5 = 408. Kwenye 90: 779.5 − 726 − 43.5 = 10. Kwenye 180: 779.5 + 415 + 43.5 = 1238. Kwenye 270: 779.5 + 726 − 43.5 = 1462. Zote nne zimerudi, hata nusu dakika haikupotea.

Lakini zile nne tulikuwa nazo tangu mwanzo! Kinachonifurahisha mimi ni hizi ambazo hatukuwapa askari wetu. Tuingize digrii 120. Fomyula inatoa 336.5, kipimo cha kweli ni 338. Tuingize 330: fomyula inatoa karibu 805, kipimo ni 804. Ile mbaya kuliko zote ni 210, inatoa karibu 1524 na kipimo ni 1511. Kwenye vituo vyote vinane ambavyo hatukuvitumia, hakuna tunapokosea kwa dakika 13, na dakika 13 hazifiki robo ya digrii.

Na kilele je? Chora mshale wa X1: hatua 830 magharibi, hatua 1452 kaskazini. Pembe yake kutoka mashariki ni karibu digrii 119.75. Wimbi la mzunguko mmoja linafika kileleni pale θ inapokamilisha duara juu ya pembe hiyo, yaani 360 toa 119.75, ambayo ni 240.25. Rudini kwenye jedwali la Gauss. Kilele kiko wapi? 1583, digrii 240. Sampuli zetu nne hazikuwa na 240 ndani yake, na bado mshale umeelekeza kule.

Sasa nisimulie kosa langu mwenyewe, nilipokuwa chuoni mwaka wa pili. Tulipewa zoezi la sampuli nne. Nikahesabu, nikapima jumla: ukijumlisha X zote nne lazima upate mara nne ya sampuli ya kwanza. Ikakubali. Nikapima urefu: jumla ya miraba ya X lazima iwe mara nne ya jumla ya miraba ya sampuli. Ikakubali. Nikaenda kulala. Asubuhi nikiwa ubaoni mbele ya wenzangu, wimbi langu likapanda mahali lilipotakiwa kushuka. Nikafuta, nikarudia, likapanda tena.

Kosa lilikuwa nini? Nilikuwa nimegeuza kushoto. Mahali pa −i niliandika i. X1 na X3 zikabadilishana viti, basi. Na hebu jiulizeni: ukibadilisha viti vya mapacha, jumla ya wote itabadilika? Haibadiliki. Urefu wao utabadilika? Haubadiliki. Vipimo vyangu vyote viwili vilikuwa vipofu kwa kosa hilo.

Hebu tulijaribu hilo kwa Pallas. Jumla ya X zetu: 3118 − 830 + 1452i + 174 − 830 − 1452i = 1632, ambayo ni 408 mara nne. Sawa. Lakini geuza kushoto badala ya kulia, na jumla ni 1632 ile ile. Kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kinachotosha ni kuirudisha sampuli ya pili. Ili kurudi, tunageuza kinyume, yaani kushoto: X0, pamoja na X1 iliyogeuzwa kushoto mara moja, X2 mara mbili, X3 mara tatu.

X1 ni magharibi 830 na kaskazini 1452. Kushoto geuka: magharibi inakuwa kusini, kaskazini inakuwa magharibi. Tunapata −1452 − 830i. X3 iliyogeuzwa kushoto mara tatu, yaani kulia mara moja, inatoa −1452 + 830i. Zile za kaskazini na kusini zinafutana. Tunabaki na 3118 − 174 − 1452 − 1452 = 40. Gawa kwa 4, ni 10. Ndiyo sampuli yetu ya digrii 90.

Na kama tungekuwa tumekosea upande? Mapacha wangekuwa wamebadilishana, na tungepata 3118 − 174 + 2904 = 5848, gawa kwa 4 ni 1462. Hiyo ni sampuli ya 270 imekaa kwenye kiti cha 90. Ukiona sampuli ya pili na ya nne zimebadilishana, usihangaike kutafuta kosa la kujumlisha. Umegeuka kushoto. Na muwe waangalifu na vitabu: vingine vinaanza na kushoto kwenda na kulia kurudi. Vyote viwili ni halali. Kilicho haramu ni kwenda na kurudi kwa upande mmoja.

Walimu wenzangu, nikiishia hapa nitakuwa nimewaficha jambo. Tulipata −415 kwenye kosini na −726 kwenye sini. Gauss, kwa vipimo vyake vyote 12, alipata −411.0 na −720.2. Wastani wetu 779.5, wake 780.6. Hatukukosea popote kujumlisha. Basi tofauti imetoka wapi?

Turudi kwenye gwaride. Fumbeni macho. Mimi namwamuru kijana ageuke kushoto mara tatu, kisha nawaambia fumbueni. Mtaona nini? Mtaona mtu aliyegeuka kulia mara moja. Mkifumba tena, nikaamuru kushoto tatu, mkafumbua, mtaona kulia mara mbili. Ninyi mtaapa kwamba anazunguka kulia polepole, kumbe anazunguka kushoto kwa kasi. Nani amedanganya? Hakuna. Mmefumbua macho mara chache mno.

Sampuli nne ni kufumbua macho mara nne. Wimbi linalozunguka mara tatu, likitazamwa kwenye vituo 0, 90, 180 na 270 tu, kosini yake inasoma 1, 0, −1, 0. Na kosini ya mzunguko mmoja inasoma nini? 1, 0, −1, 0. Hakuna jicho duniani linaloweza kuzitenganisha hapo. Sini ya mizunguko mitatu inasoma 0, −1, 0, 1, ambayo ni sini ya mzunguko mmoja iliyopinduliwa. Kosini ya mizunguko minne inasoma 1, 1, 1, 1, na inajifanya wastani.

Sasa tazameni hesabu za Gauss mwenyewe. Kwenye mawimbi yake ya juu alipata:

```
cos 3θ: -4.3    sin 3θ: +5.5
cos 4θ: -1.1
cos 5θ: +0.3    sin 5θ: -0.3
cos 6θ: +0.1
```

Chukua kosini yake ya kwanza, −411.0. Ongeza mgeni wa mizunguko mitatu, −4.3. Ongeza wa mizunguko mitano, +0.3. Jumla −415.0. Namba yetu! Chukua sini, −720.2, toa 5.5 kwa sababu inaingia imepinduliwa, ongeza −0.3: −726.0. Namba yetu! Wastani: 780.6 toa 1.1, ni 779.5. Na X2 yetu, 43.5, ni 43.4 yake pamoja na 0.1 ya mizunguko sita. Kila dakika tuliyotofautiana naye ina jina na mahali ilipotoka.

Kuna kitu ambacho sampuli zetu hazikukiona kabisa. Gauss alipata −2.2 kwenye sini ya mizunguko miwili. Sisi tuliipata wapi? Hatukuipata. Sini ya mizunguko miwili kwenye vituo vyetu vinne ni 0, 0, 0, 0. Wimbi lile linakatiza ikweta yake kila tunapofumbua macho. Halikuingia mahali pengine kujificha, halikuonekana tu. Ndiyo maana X2 haina pacha.

Je, ukiwa na namba nne tu mkononi, unaweza kujua kwamba una mgeni ndani? Huwezi. Namba nne zitarudi zote sawasawa, kama zetu zilivyorudi. Dalili inaonekana ukipata kundi jingine, na hapo ndipo namalizia.

Kundi la pili la Gauss linaanzia digrii 30: 89, 338, 1511, 1183. Fanyeni kama tulivyofanya, mtapata X1 = −1422 + 845i. Kundi la tatu linaanzia digrii 60: −66, 807, 1583, 804. X1 yake ni −1649 − 3i. Hazifanani na ya kwanza hata kidogo, kwa sababu saa yao imeanza kuhesabu mahali pengine. Lakini geuza mshale wa kundi la pili kulia digrii 30, na wa tatu kulia digrii 60, ili wote waanzie pamoja. Hapa ndipo kuzidisha kunapoingia kwa mara ya kwanza leo, na mishale mitatu inakuwa:

```
kundi la 1:  -830 + 1452i
kundi la 2:  -809 + 1442.8i
kundi la 3:  -827 + 1426.6i
```

Sasa ni ndugu, lakini siyo sawasawa. Kama Pallas ingekuwa na wimbi la mzunguko mmoja peke yake pamoja na wastani, mishale hii mitatu ingelaliana kabisa. Haikulaliana, kwa hiyo mgeni yumo. Chukua wastani wa mishale mitatu: −822 + 1440.5i. Gawa kwa 2: −411 na, kwa kubadilisha alama, −720.2. Ndizo namba za Gauss. Mgeni amefutika, kwa sababu kwenye makundi matatu alikuwa ametazama pande tatu tofauti, na pande tatu zilizogawana duara sawasawa jumla yake ni sifuri, kama zile nne za kijana wetu.

Na anayetaka kumjua mgeni mwenyewe, mishale iko ubaoni. Toa wastani kwenye kila mmoja: kwa kundi la kwanza kinabaki −8 + 11.5i, yaani magharibi kidogo, kaskazini kidogo. Humo ndani ndimo zilimo −4.3 na 5.5, pamoja na chembe ya wimbi la tano.